Shajara ya mradi: nilibadilisha gasketi ya hedi nikitafuta ufanisi, nikaukuta kwenye kipepeo cha kabureta

Siku ya 1

Nimeanza mradi ambao nimeuahirisha kwa muda mrefu. Nina injini mbili ndogo za silinda moja, zote za mipigo minne na zote zinapozwa kwa hewa. Moja ni ya petroli na nyingine ni ya dizeli. Zitaendesha jenereta ileile kwa mizunguko 3000 kwa dakika, na mzigo utakuwa balbu za moto. Nataka kujua uwiano wa mgandamizo unachangia kiasi gani katika ufanisi, na kama ndio unaoifanya dizeli itumie mafuta kidogo. Vitabu vyote nilivyosoma vinasema ndio. Naamini hivyo pia, ila nataka kuona namba zikitoka kwenye injini zangu.

Kwa asiyezoea neno hili: uwiano wa mgandamizo ni ujazo ulio juu ya pistoni ikiwa chini kabisa, ukigawanywa kwa ujazo unaobaki juu yake ikiwa juu kabisa. Silinda ya petroli ina kipenyo cha milimita 68, na pistoni inasafiri milimita 54. Ujazo inaoufagia ni sentimita za ujazo 196.1. Kilichobaki ni kupima chumba cha mwako.

Siku ya 2

Nimepima chumba kwa mafuta mepesi na sirinji. Injini inalazwa mpaka tundu la plagi lielekee juu, pistoni inapandishwa mpaka juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kisha mafuta yanamiminwa taratibu mpaka yafike ukingoni mwa tundu. Yaliingia 28.1. Hesabu ikanipa uwiano wa 7.98, ilhali kijitabu cha injini kinasema 8.5.

Nilirudia mara mbili nikidhani pistoni haijafika juu kabisa. Kosa lilikuwa kwingine: nilijaza mpaka ukingo wa tundu, na sehemu hiyo ya juu si chumba, maana plagi ikifungwa inaikalia. Nikaizamisha sehemu ya nyuzi ya plagi kwenye maji ya kipimo, maji yakapanda kwa 1.9. Chumba halisi basi ni 26.2, na uwiano ni 8.48. Tazama jinsi kosa la chini ya sentimita mbili za ujazo lilivyoshusha uwiano kwa nusu nzima. Kwenye dizeli, ambako chumba ni kidogo kuliko nusu ya hiki, kosa kama hilo lingeifanya namba yote isiaminike.

Siku ya 3

Hesabu kabla ya spana. Mzunguko wa Otto, ule unaotumika kueleza injini ya petroli, unachukulia kwamba joto lote linaingia kwa mpigo mmoja pistoni ikiwa juu kabisa. Mzunguko wa dizeli unachukulia kwamba joto linaingia taratibu huku pistoni ikishuka, mpaka mafuta yanapokatizwa. Kwa hiyo dizeli ina namba ya ziada, uwiano wa kukatiza: ujazo pale mwako unapokoma, ukigawanywa kwa ujazo pale ulipoanza. Mzigo ukiwa mkubwa mafuta yanaingia kwa muda mrefu na namba hii inakua. Mzigo ukipungua inakaribia 1.

```python
g = 1.4
def otto(r):
    return 1 - r**(1-g)
def dizeli(r, c):
    return 1 - r**(1-g)*(c**g-1)/(g*(c-1))
print(otto(8.48), otto(9.34))
print(dizeli(20, 2), dizeli(20, 1.2))
print(dizeli(9.34, 2))
```

Mambo mawili yamenikaa kichwani. La kwanza, faida ya kuongeza uwiano inapungua kadiri unavyopanda. Kutoka 8 hadi 10, ufanisi wa Otto unapanda kutoka asilimia 56.5 hadi 60.2. Kutoka 18 hadi 20 hauongezeki hata asilimia moja na nusu.

La pili wengi hulisema kinyume. Uwiano ukiwa uleule, mzunguko wa petroli ndio wenye ufanisi mkubwa. Kwa 9.34 Otto inatoa asilimia 59.1, na dizeli yenye uwiano wa kukatiza wa 2 inatoa 52.1. Sababu yake si ngumu. Joto lililoingia pistoni ikiwa juu kabisa linaisukuma safari nzima ya kushuka. Joto linaloingia pistoni ikiwa imeshaanza kushuka linafanya kazi katika safari iliyobaki tu, kisha linatoka na moshi kabla halijatumika ipasavyo. Dizeli inashinda kwa kuwa inaweza kugandamiza mara 20 bila kuumia. Namna yake ya kuchoma mafuta, ukiitazama peke yake, ni hasara.

Siku ya 5

Kipimo cha mwanzo cha petroli, gasketi ikiwa ya kiwandani. Chupa ya kipimo imeunganishwa moja kwa moja na kabureta, nami nahesabu sekunde za kuchoma sentimita za ujazo 100. Injini inapashwa moto dakika ishirini kwanza, la sivyo namba zinatangatanga.

Kwa wati 1200 za balbu nimepata sekunde 424, 431 na 428. Petroli hiyo ina takribani megajouli 3.22, kwa hiyo injini inakula kilowati 7.5 za joto ili itoe 1.2 za umeme. Ufanisi ni asilimia 16.

Hesabu iliniahidi 57.5. Nimekaa na tofauti hiyo jioni nzima, kwa sababu asiyejua inatoka wapi hataelewa chochote kitakachofuata. Kwanza, ile 1.4 ya kwenye hesabu, namba iitwayo gama, ni ya hewa baridi na kavu. Gesi halisi ndani ya silinda ni ya moto na ina mvuke wa mafuta, na ukiweka 1.3 badala yake ahadi inashuka hadi 47. Kisha mwako hautokei kwa mpigo mmoja, kuta za silinda zinanyonya joto, na valvu ya kutolea moshi inafunguka kabla pistoni haijafika chini. Kuna msuguano, na jenereta yenyewe inapoteza kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo kanuni ya mzunguko haifai kutabiri ufanisi wa injini. Ninachotumaini ni kwamba inaweza kutabiri badiliko, yaani nikiongeza uwiano, ufanisi upande kwa sehemu gani ya ule uliopo.

Siku ya 8

Gasketi mpya. Ya kiwandani ina unene wa milimita 1.2 ikishakazwa. Nimekata nyingine kwenye bati la shaba la milimita 0.5, nikaipasha mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza majini ili ilainike. Bila hatua hiyo shaba inabaki ngumu na gesi inapenya pembeni.

Tundu la gasketi lina kipenyo cha milimita 70, kwa hiyo upungufu wa milimita 0.7 unaondoa sentimita za ujazo 2.7. Chumba kinabaki 23.5 na uwiano unapanda hadi 9.34.

Kabla ya kukaza moja kwa moja nimeweka vipande vya waya laini wa kulehemu juu ya pistoni, nikafunga hedi, nikazungusha injini kwa mkono mara mbili na kufungua tena. Waya umebanwa hadi milimita 0.9. Ungebaki chini ya 0.7 ningeacha, maana injini ikiwa moto na mizunguko ikiwa mingi, fimbo ya pistoni inavutika kidogo na pistoni inaweza kuipiga hedi. Valvu nazo nimezipima kwa udongo laini wa kufinyanga, zina nafasi ya kutosha.

Siku ya 9

Wati 1200 tena: sekunde 436, 441, 434. Wastani umepanda kutoka 428 hadi 437, sawa na asilimia 2.1. Kanuni ilitabiri 2.8.

Nimefurahi, lakini nataka kuwa mwangalifu. Vipimo vyangu vya gasketi ileile vinatofautiana kwa sekunde saba, na faida yote ni sekunde tisa. Mwelekeo ni sahihi na ukubwa unakaribia. Zaidi ya hapo sina haki ya kudai.

Siku ya 10

Leo nimepandisha mzigo hadi wati 1800. Dakika kumi na tano hivi zilipita vizuri. Kisha nikasikia sauti ambayo ukishaijua huisahau: kigongo kikavu cha chuma, kama kokoto ndogo zinazotikiswa ndani ya kopo, kikija na mzigo na kupotea ukizima balbu mbili. Injini inagonga. Nimezima mara moja na kuifungua plagi. Kwenye kauri yake nyeupe kuna vidoti vyeusi kama vumbi la pilipili manga. Vingekuwa vya kung'aa vingekuwa alumini ya pistoni.

Hapa ndipo injini ya petroli inapofungwa kamba. Plagi ikishawasha, moto unatembea kutoka kwenye cheche kuelekea kuta. Mchanganyiko wa hewa na petroli ambao haujafikiwa unaendelea kubanwa na gesi iliyokwisha kuungua nyuma yake, na joto lake linapanda kila nukta. Moto ukiuwahi, hakuna tatizo. Usipouwahi, mabaki hayo yanajiwasha yote kwa mkupuo na shinikizo linapiga kuta kama nyundo.

Nimehesabu joto la mwisho wa mgandamizo kwa hewa inayoingia ikiwa na kelvini 320 na gama ya 1.35. Kwa 8.48 inafika kelvini 676, kwa 9.34 inafika 699. Tofauti ni digrii 23 tu. Nilitegemea kubwa zaidi. Ila muda ambao mchanganyiko unavumilia kabla ya kujiwasha unafupika haraka sana joto likipanda, na injini yangu ilikuwa tayari imekaribia ukingo. Hewa ikipita kidogo katikati ya mapezi ya kupozea, au kaboni ikijaa juu ya pistoni, inavuka.

Siku ya 11

Dawa inayojulikana ni kuchelewesha cheche. Nimetengeneza ufunguo wa flaiwili wenye ngazi, unaorudisha nyuma wakati wa cheche kwa digrii nne. Kigongo kimekwisha hata kwa wati 1800.

Nikarudia kipimo cha wati 1200: wastani wa sekunde 430. Karibu faida yote imerudi ilikotoka.

Na hili linaungana na hesabu ya siku ya 3. Nilipochelewesha cheche, nilisogeza mwako uingie kwenye safari ya kushuka. Joto likaja kwa kuchelewa na kufanya kazi kidogo, kama linavyofanya kwenye mzunguko wa dizeli. Nilichopata kwa kuongeza uwiano nimekilipa kwa kuchelewesha moto. Kupanda zaidi kungetaka petroli yenye okteni kubwa, au hedi inayopoa vizuri na kuchoma haraka.

Nimerudisha gasketi ya zamani na ufunguo wa zamani.

Siku ya 15

Zamu ya dizeli. Kipenyo milimita 70, mwendo 55, ujazo unaofagiwa 211.7. Uwiano ni 20, maana yake chumba chote ni sentimita za ujazo 11.1.

Hewa ikigandamizwa mara 20 kwa hesabu ileile ya siku ya 10 inafika kelvini 913, sawa na nyuzi joto 640. Ndani ya silinda hakuna kitu cha kuungua kabla ya wakati, kwa sababu ni hewa peke yake. Mafuta yanaingia kwa nozeli pistoni ikikaribia juu, na yanaungua kadiri yanavyopuliziwa. Kikomo kilichonizuia wiki iliyopita hapa hakipo. Dizeli nayo hugonga, lakini kwa sababu iliyo kinyume: mafuta yakichelewa kuwaka, hasa injini ikiwa baridi, yanarundikana na kisha kuwaka kwa pamoja. Kwa hiyo petroli nzuri ni ile inayogoma kujiwasha, na dizeli nzuri ni ile inayokubali upesi.

Wati 1200: sekunde 640, 652, 645.

Ukilinganisha sekunde tupu, dizeli inaishinda petroli kwa asilimia 51. Nilikaribia kuandika hivyo. Lakini ujazo uleule wa dizeli una nishati zaidi, megajouli 3.59 dhidi ya 3.22, kwa hiyo sehemu ya ushindi huo ni uzito wa mafuta tu na haitoki kwenye injini. Kwa nishati, ufanisi wa dizeli ni asilimia 21.6 dhidi ya 16. Ukigawa, ushindi ni asilimia 35. Nikiondoa hasara ya jenereta, injini yenyewe inageuza takribani asilimia 27 ya joto kuwa kazi. Injini ya Rudolf Diesel iliyojaribiwa Augsburg mwaka 1897 ilifikisha kama 26, nayo ilikuwa mtambo mkubwa kumzidi mtu kimo.

Siku ya 16

Namba za jana hazikunipa usingizi. Kanuni inasema dizeli ya uwiano wa 20, uwiano wa kukatiza ukiwa 2, ifikie asilimia 64.7. Petroli yangu inaahidiwa 57.5. Dizeli basi inapaswa kushinda kwa asilimia 12 au 13. Hata nikishusha uwiano wa kukatiza hadi 1.2, ushindi haufiki 20. Mimi nimepima 35. Uwiano wa mgandamizo unaeleza kama nusu tu ya ushindi huo, na nusu nyingine bado haina mwenyewe.

Nimepima tena kwa mzigo mdogo, wati 400. Petroli: sekunde 655, ufanisi asilimia 8.1. Dizeli: sekunde 1125, ufanisi 12.5. Sasa dizeli inashinda kwa asilimia 54. Pengo limepanuka mzigo ulipopungua, na uwiano wa mgandamizo haukubadilika hata chembe kwenye injini yoyote. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachokua mzigo ukipungua.

Siku ya 18

Nadhani nimekipata. Petroli inadhibiti nguvu kwa kufunga kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachoziba njia ya hewa. Mzigo ukipungua gavana, kifaa kinachotunza mizunguko isibadilike, anakifunga, na pistoni inabaki kunyonya kupitia tundu dogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa mrija. Dizeli haina kipepeo. Inavuta hewa yote kila mara, na gavana wake anapunguza mafuta tu.

Nimetoboa tundu dogo kwenye njia ya hewa baada ya kabureta na kuunganisha geji ya shinikizo. Kwenye silinda moja sindano ya geji inatetemeka isisomeke, kwa hiyo nimeweka valvu ya upande mmoja ili ishike shinikizo la chini kabisa. Hii inaongeza chumvi kidogo: shinikizo la kweli katika mpigo mzima wa kunyonya liko juu ya hapo, na kazi ninayohesabu ni kikomo cha juu.

Kwa wati 400 geji imesoma kilopaskali 55, upande wa moshi ukiwa na 103. Tofauti ni 48. Nikizidisha kwa ujazo wa silinda na kwa mizunguko kamili 25 ya mwako kila sekunde, napata wati 235. Kwa wati 1200 geji imesoma 78, na hasara ni wati 123. Kwenye dizeli, kipepeo hakipo, tofauti ni kilopaskali 6 na hasara ni wati 32 kwa mizigo yote miwili.

Tazama hiyo 235 vizuri. Kwa wati 400 za umeme, jenereta inadai kama wati 600 kwenye shafti. Injini inalazimika kuzalisha hizo, pamoja na msuguano wake, pamoja na hadi 235 nyingine za kuvuta hewa kupitia kipepeo chake yenyewe. Hakuna gasketi ya shaba inayoweza kufidia hilo.

Siku ya 21

Kipepeo hakielezi yote kwa wati 1200, maana hapo hasara yake ni 123 tu kati ya kilowati moja na nusu za shafti. Nimeitazama plagi ya petroli upya: ina masizi meusi makavu. Injini ndogo za kupozwa kwa hewa mara nyingi hutegwa kabureta yake izidishe petroli, kwa sababu petroli ya ziada inapoza hedi na kuzuia kigongo. Petroli hiyo haipati hewa ya kuungulia, inatoka na moshi. Dizeli daima ina hewa ya ziada, na gesi yenye hewa nyingi ina gama iliyo karibu zaidi na 1.4, jambo linalorudisha sehemu ya ule upungufu wa siku ya 5.

Nimebadilisha jeti kuu ya kabureta, nikaweka yenye tundu dogo kwa namba moja. Wati 1200, gasketi ya zamani, cheche mahali pake: sekunde 449, 455, 451. Joto la hedi chini ya plagi limepanda nyuzi 14. Faida ya sekunde 24, zaidi ya mara mbili ya ile niliyoipata kwa kuongeza uwiano, na kwa wati 1800 kigongo kimerudi.